Grafu nasibu: kitabu kinasema mtandao unaungana "ghafla", kwangu unapanda taratibu. Nani kakosea?

#1 Kobe_Mbio

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenisumbua siku ya tatu sasa.

Tunasoma grafu nasibu. Unachukua nodi n, halafu kila jozi ya nodi unairushia sarafu yake: kwa uwezekano p unaweka kiungo, la sivyo unaiacha. Mwalimu akasema p ikiwa chini kidogo ya ln n / n mtandao karibu hakika umekatikakatika, ikiwa juu kidogo karibu hakika wote umeungana. Akachora ukutani kitu kama ngazi: sifuri, sifuri, sifuri, halafu pa! moja.

Nikaenda kujaribu kwenye kompyuta na nodi 100. ln 100 ni kama 4.6, kwa hiyo kizingiti ni 0.046. Kila p niliijaribu mara nyingi, nikahesabu ni mara ngapi mtandao ulitoka umeungana wote. Nilichopata ni hiki:

p = 0.03, karibu haijatokea kabisa
p = 0.04, kama mara 16 kati ya 100
p = 0.05, kama mara 53
p = 0.06, mara 80
p = 0.07, mara 93
p = 0.08, mara 97

Sasa huu ukali uko wapi? Mimi naona mlima wa kawaida tu, tena wa kupanda na baiskeli. Ni programu yangu mbovu au kitabu kimetia chumvi?

---

#2 Pasua_Kichwa

Mkuu, kizingiti chako ndicho kibovu. Kizingiti cha grafu nasibu ni 1/n, siyo ln n / n. Kila nodi ikishakuwa na jirani zaidi ya mmoja kwa wastani, mtandao unashikana. Hii iko kila mahali, watu wa magonjwa ya kuambukiza wanaitumia kila siku. Jaribu p = 0.01 hadi 0.02 utauona huo ughafla.

---

#3 Mzee_wa_Logi

Pasua, umeleta jibu sahihi la swali ambalo hajauliza.

Kwenye 1/n kuna jambo linatokea kweli. Chini ya hapo mtandao ni vipande vidogovidogo tu. Juu ya hapo kinazaliwa kipande kimoja kikubwa, jitu, kinachomeza sehemu ya haja ya nodi zote. Lakini kumeza sehemu si kumeza zote.

Chukua nodi 1000, kila moja na majirani 3 kwa wastani. Umeshapita 1/n mara tatu. Jitu hapo lina nodi kama 940. Zile 60 zilizobaki ni nani? Kama 50 kati yake hazina kiungo hata kimoja, na hizo nyingine kumi hivi zimejibanza wawiliwawili, watatuwatatu. Ongeza mpaka majirani 5 kwa wastani: nje ya jitu zinabaki kama 7, na karibu zote ni pweke. Kama unauliza ugonjwa utaenea au la, jitu linakutosha. Kobe anauliza kama kila mmoja anaweza kumfikia kila mmoja, na hapo nodi moja iliyosahaulika inatosha kuharibu kila kitu.

Kobe, namba zako ziko sawa kabisa. Ngoja nile kwanza, nitarudi.

---

#4 Pasua_Kichwa

Sawa mzee, nimekubali nusu. Lakini hata hivyo mtandao wenye 993 kati ya 1000 mimi nauita umeungana. Nyie watu wa hesabu mnapenda kulilia saba.

---

#5 Chapati_Mbili

Mimi nimejaribu sasa hivi na nimepata kitu tofauti na nyote. Nodi 100 hizohizo, kwangu kwenye p = 0.025 tayari nusu ya mitandao imeungana! Kwenye 0.04 karibu yote. Kwa hiyo kizingiti ni nusu ya ln n / n. Kobe kapata mlima mahali pengine, mimi kwangu, mwalimu kwake. Hii nadharia imeandikwa na nani jamani?

---

#6 Binti_Tarakimu

Chapati, kabla hujaifuta nadharia ya watu, weka hapa kile kipande kinachotengeneza viungo. Kisha chapisha idadi ya viungo ulivyopata kwa p = 0.046. Inatakiwa iwe karibu 228, kwa sababu jozi ziko 4950 na kila moja ina nafasi 0.046.

---

#7 Chapati_Mbili

```python
for i in range(n):
    for j in range(n):
        if i != j and random() < p:
            G.add_edge(i, j)
```

Viungo: 441. Hmm.

---

#8 Binti_Tarakimu

Ndiyo hiyo "hmm". Jozi ya nodi 3 na 7 unaipitia mara mbili: i ikiwa 3 na j ikiwa 7, halafu tena i ikiwa 7 na j ikiwa 3. Kila jozi inapewa sarafu mbili. Ukiandika 0.025 unaendesha kama 0.049, na hapo nusu ya mitandao kuungana ni sawasawa na alichopata Kobe kwenye 0.05.

```python
for i in range(n):
    for j in range(i + 1, n):
        if random() < p:
            G.add_edge(i, j)
```

Kosa hili ni baya kwa sababu programu haikwami wala hailalamiki. Inakuchorea picha nzuri tu ambayo imesogea. Mimi siku hizi sichori kitu kabla ya kuhesabu viungo.

---

#9 Chapati_Mbili

Naomba radhi kwa nadharia na kwa familia yake.

---

#10 Mzee_wa_Logi

Nimerudi. Kobe, soma taratibu, jibu lako liko kwenye hesabu moja tu.

Nodi moja inakuwa pweke ikiwa sarafu zake zote n − 1 zimegoma. Uwezekano wake ni (1 − p)^(n−1), ambao kwa p ndogo ni karibu sana na e^(−pn). Nodi ziko n, kwa hiyo idadi ya nodi pweke unayoitegemea kwa wastani ni n·e^(−pn). Sasa weka p = ln n / n. e^(−ln n) ni 1/n, ukizidisha na n unapata 1. Basi kizingiti hakikuanguka kutoka mbinguni: ni pale ambapo unategemea kubaki na mpweke mmoja.

Sogeza kidogo. Andika p = (ln n + c)/n. Wastani wa wapweke unakuwa e^(−c), na ile n imetoweka. c ikiwa −2 unategemea wapweke 7 hivi. c ikiwa 0, mmoja. c ikiwa 3, sehemu ndogo ya mmoja, kama 0.05. Na kwa kuwa wapweke ni matukio adimu yasiyosukumana sana, nafasi ya kutokuwa na mpweke hata mmoja inakaribia e kwa kipeo cha hasi ya wastani huo, yaani

```
exp(-exp(-c))
```

Hii inakupa 0.07 kwenye c = −1, inapanda hadi 0.37 kwenye sifuri na 0.69 kwenye 1, halafu 0.87 kwenye 2 na 0.95 kwenye 3. Sasa angalia: mlima mzima, kutoka "karibu kamwe" hadi "karibu daima", umelala kati ya c = −1 na c = 3. Na c ni nini kwa lugha ya mtaani? Ni majirani. Wastani wa majirani wa kila nodi ni kama pn, yaani ln n + c. Kwa hiyo upana wa mlima ni majirani wanne. Nodi zikiwa 100, wanne. Zikiwa milioni, wanne walewale.

Kinachobadilika ni mahali mlima ulipo. Kwa nodi 100 mlima unaanza kwenye majirani 3.6 na kuisha kwenye 7.6, yaani kutoka asilimia 78 ya kizingiti hadi asilimia 165. Huo ni mlima wa baiskeli, nakubaliana nawe. Kwa nodi 10,000 unatoka asilimia 89 hadi 133. Kwa nodi milioni moja, asilimia 93 hadi 122. Unabana kweli, lakini unabana kwa kasi ya logi, na logi ni mvivu kuliko kobe (samahani kwa jina lako).

Kwa hiyo mwalimu hajadanganya. Anaposema "chini kidogo" anamaanisha asilimia fulani chini, halafu anaiacha n ikue bila mwisho. Ile ngazi ya ukutani unaipata ukichora p kutoka 0 hadi 1: hapo hata mlima wako wa nodi 100 unaonekana kama ukuta, maana wote umejibana kati ya 0.03 na 0.08. Wewe umeukuza kwa miwani ndiyo maana unauona umelala.

---

#11 Kobe_Mbio

Mzee umenifungua macho. "Majirani wanne" ningeambiwa siku ya kwanza nisingepoteza wikiendi.

Lakini kuna sehemu umeruka. Umehesabu nafasi ya kutokuwa na mpweke. Mimi nahesabu nafasi ya mtandao wote kuungana. Kwa nini iwe kitu kimoja? Si inaweza kutokea kila nodi ina rafiki lakini mtandao umegawanyika mapande mawili ya 50 kwa 50?

---

#12 Pasua_Kichwa

Hapo hapo Kobe, mbane. Kutokuwa na mpweke ni lazima, lakini haitoshi.

---

#13 Binti_Tarakimu

Kwenye hili Pasua yuko sahihi, haitoshi. Lakini hapa sarafu zinafanya kazi kubwa kwa niaba yetu.

Chukua mapande mawili ya 50. Kati yake kuna jozi 2500, na zote lazima zigome. Kwenye p = 0.046 hiyo ni 0.954 kwa kipeo cha 2500, kitu chenye sifuri zaidi ya hamsini baada ya nukta. Ni kweli njia za kugawa watu 100 mara mbili ni nyingi sana, lakini hazifikii hata karibu na kuzifuta sifuri hizo. Mgawanyiko wa katikati ndio tunaouogopa kwa macho, na ndio usiotokea kabisa.

Hatari iko kwa vipande vidogo, maana vina mipaka mifupi ya kulindwa. Kidogo kuliko vyote ni mpweke: sarafu 99 zigome basi. Kinachofuata ni wawili walioshikana wao kwa wao. Hao wanahitaji sarafu 196 zigome, na juu ya hapo kiungo chao wenyewe kiwe kimekubali. Kwa nodi 1000 kwenye kizingiti unategemea mpweke 1, ila wawili wa namna hiyo unategemea 0.0035 tu. Watatu ni wachache zaidi ya hapo. Kwa nodi 100 wawili hao ni 0.02 hivi, kwa hiyo ukijaribu mara nyingi utawakuta mara mojamoja. Ndiyo maana namba zako zitakuwa chini kidogo ya "hakuna mpweke" upande wa kushoto wa mlima, halafu tofauti inapotea.

Mimi huwa nawaza mvua inavyoanza uani kwenye vigae. Kila kiungo kipya ni matone mawili, moja kwa kila nodi iliyoguswa. Mwanzoni kila tone linalowesha kigae kipya. Baadaye matone mengi yanaangukia vigae vilivyokwisha kulowa, na unabaki unakodolea macho kigae kimoja kikavu pale pembeni ambacho mvua inakikwepa kama kwa makusudi. Vigae n vinahitaji matone kama n·ln n. Kila kiungo ni matone mawili, basi viungo ni nusu ya n·ln n. Gawa kwa jozi zote zilizopo, unarudi palepale kwenye ln n / n.

Na kuna jambo tamu zaidi, alilithibitisha Bollobás na Thomason mwaka 1985. Ongeza viungo kimoja kimoja kwa nasibu. n ikiwa kubwa, karibu hakika kiungo kinachomtoa mpweke wa mwisho kwenye upweke wake ndicho hichohicho kinachouunganisha mtandao wote. Sekunde ileile.

---

#14 Fundi_Minara

Nimefuatilia kimya kimya, sasa naomba niingie maana mna kitu kinachonihusu.

Nimefunga vihisi vya unyevu wa udongo kwenye shamba la mahindi, ekari kama mia hivi, yaani hekta 40. Vihisi 60. Kila kimoja kina redio ndogo, kinapokezana ujumbe na wenzake mpaka ufike kwenye kibanda cha mlinzi. Nilipima mahindi yakiwa machanga, kila kihisi kilisikia wenzake 4 kwa wastani. Nikisoma hapa naona ln 60 ni 4.1. Kwa hiyo niko kwenye kizingiti. Mbona vitatu havijawahi kuleta taarifa tangu siku ya kwanza? Nimebadilisha betri, nimebadilisha antena, nimegombana na aliyeniuzia.

---

#15 Pasua_Kichwa

Weka antena kubwa kwenye kibanda, umalize.

---

#16 Mzee_wa_Logi

Fundi, acha kwanza kugombana na muuzaji. Hivyo vitatu viko wapi shambani?

---

#17 Fundi_Minara

Viwili viko kona ya chini karibu na mto, kimoja kiko ukingoni upande wa barabara. Vile viwili vya kona vinasikiana vyenyewe, nimepima.

---

#18 Mzee_wa_Logi

Nilidhani hivyo. Una mambo mawili yaliyochanganyika.

La kwanza hata kwenye grafu ya Kobe lingekukuta: kuwa kwenye kizingiti chenyewe maana yake ni nafasi ya 37 kati ya 100. Hapo ndipo mlima ulipo katikati, siyo kileleni. Ukitaka kulala usingizi unahitaji majirani watatu au wanne zaidi ya hapo.

La pili ni kwamba grafu yako si ya sarafu. Redio zako hazirushi sarafu kwa kila jozi, zinaangalia umbali. A akimsikia B na B akimsikia C, basi A na C huenda wako karibu pia. Viungo vinajirundika mahali pamoja, na aliye mbali anakuwa mbali na wote. Cha kushangaza ni kwamba hata huko logi inarudi: ukitupa nodi ovyo kwenye uwanja, mahali pa kuungana ni pale ambapo duara la usikivu wa redio lina majirani ln n kwa wastani, na Penrose alithibitisha mwaka 1997 kwamba hata huko kikwazo cha mwisho ni mpweke. Kwa shamba lako la mita za mraba 400,000 na vihisi 60, hilo duara lina nusu kipenyo cha mita 93 hivi. Nadhani redio zako zinafika hapohapo.

Ila duara la kihisi cha kona robo tatu liko nje ya shamba. Wastani wako ni 4, kona inapata mmoja. Cha ukingoni kinapata wawili. Kwenye karatasi, n ikienda mbali sana, kingo zinaacha kuwa na uzito, lakini kwa vihisi 60 hizo kingo ndizo shamba lenyewe. Na wale wawili wa kona wanaosikiana ndio kile kipande cha wawili ambacho Binti alisema ni adimu. Kwa sarafu ni adimu, kwa umbali siyo adimu hata kidogo, kwa sababu majirani wawili wanashiriki karibu anga ileile tupu.

Ili wastani ufike 8 ungehitaji redio zifike mita 130, na bado kona ingepata wawili tu. Usinunue redio mpya. Weka nguzo mbili za kupokezana huko kona na ukingoni.

---

#19 Fundi_Minara

Nguzo mbili ni rahisi kuliko nilivyofikiri. Jumamosi naenda. Lakini nina wasiwasi na kitu kingine, nitauliza baadaye.

---

#20 Pasua_Kichwa

Kwa hiyo somo ni kwamba kwenye hizi grafu kila kitu kina kizingiti kikali, mradi n iwe kubwa. Nimeelewa?

---

#21 Binti_Tarakimu

Hapana kaka, na hapo ndipo neno "kali" linapopata kazi. Uliza swali lingine: je, kuna pembetatu, yaani nodi tatu zilizoshikana zote? Mahali pake ni 1/n. Weka p = c/n. Nafasi ya kuwa na pembetatu hata moja inakaribia

```
1 - exp(-c^3 / 6)
```

c ikiwa 1 ni asilimia 15, ikiwa 2 ni asilimia 74, ikiwa 3 ni asilimia 99. Fanya n iwe milioni, fanya iwe bilioni, namba ni hizohizo. Ukiwa mara mbili ya kizingiti bado hujui kama utaona pembetatu. Huo mlima haubani kamwe. Wa kuungana unabana, ingawa kwa uvivu, kwa sababu upana wake ni majirani wanne wakati kizingiti chenyewe kinaendelea kukua na ln n. Wa pembetatu, upana na kizingiti ni vya ukubwa mmoja daima.

---

#22 Kobe_Mbio

Swali dogo pembeni. Nimekuta mahali pengine wameandika exp(−exp(−2c)). Ile mbili imetoka wapi? Kosa la uchapaji?

---

#23 Mzee_wa_Logi

Siyo kosa. Mwaka 1959 njia zilikuwa mbili. Gilbert alirusha sarafu kama wewe. Erdős na Rényi wao walichagua idadi kamili ya viungo, nusu ya n·ln n kuongeza cn, wakavitupa ovyo. Kila kiungo kina ncha mbili, kwa hiyo viungo cn vya ziada ni majirani 2c kwa kila nodi. Mlima ni uleule, kipimo ndicho tofauti. Ukichanganya hizo mbili kwenye mchoro mmoja unapata makosa ya aina ya Chapati.

---

#24 Chapati_Mbili

Nimekaa kimya na bado natajwa.

---

#25 Binti_Tarakimu

Kuna kitu kimoja ningependa Kobe ajaribu kabla hajafunga daftari. Hii logi yote tunayoilipa ni gharama ya kusahauliwa. Kwa nodi 1000 unatumia viungo kama 3454 kufika tu katikati ya mlima, na sehemu kubwa ya hivyo inaangukia nodi ambazo zilikwisha kuungana zamani. Ni mvua kwenye kigae kilicholowa.

Badilisha kanuni: kila nodi yenyewe ichague wenzake wawili kwa nasibu na kuwapigia. Viungo ni 2000 hivi tu, na mtandao umeungana karibu hakika n ikiwa kubwa. Fenner na Frieze walilionyesha hilo mwaka 1982. Hakuna ln n kabisa. Hakuna mpweke kwa sababu kila mmoja amejihakikishia wawili, na kipande kidogo kilichojifungia lazima kiwe na watatu au zaidi waliochaguana wao kwa wao bila mtu wa nje kuwachagua, jambo ambalo halitokei kirahisi. Ukimpunguzia kila mmoja achague mmoja tu, mambo yanaharibika: vipande vinabaki.

---

#26 Pasua_Kichwa

Hii nimeipenda kweli. Lakini je, wakichaguliwa wakakataa? Kwenye mitandao ya kweli nodi ina nafasi chache, ikijaa inakataa simu.

---

#27 Binti_Tarakimu

Hapo inategemea anayekataliwa anajaribu tena au ananyamaza. Akinyamaza, wapweke wanarudi kundini, na idadi yao inategemea nafasi alizonazo kila mmoja. Akijaribu tena mpaka akubaliwe, nadhani bado inaungana, ila hiyo ni hisia yangu, sijaikokotoa.

---

#28 Kobe_Mbio

Wakuu, nimechora upya. Badala ya p nimeweka c kwenye mstari wa chini, kwa nodi 100, 1000 na 5000.

```python
import networkx as nx
from math import log

def jaribu(n, c, mara=500):
    p = (log(n) + c) / n
    sawa = 0
    for _ in range(mara):
        G = nx.fast_gnp_random_graph(n, p)
        sawa += nx.is_connected(G)
    return sawa / mara
```

Mistari mitatu imelaliana mpaka nilidhani nimechora mmoja. Wa nodi 100 unatoka juu kidogo upande wa kulia, basi. Ule wa 5000 ulichukua muda mrefu, nikaenda kuoga nikarudi.

Na hiyo ya kuchagua wawili nimeijaribu kwa nodi 100 mara 500: sijaona hata mtandao mmoja uliokatika.

---

#29 Fundi_Minara

Nguzo zimesimama, vyote 60 vinaongea. Asante Mzee.

Sasa ule wasiwasi wangu. Mahindi yanakua. Mwezi ujao yatakuwa yamepita urefu wa antena, na redio zitasikia umbali mfupi zaidi, lakini siyo sawa kila mahali: kule kwenye mbolea nyingi yatakuwa marefu, kwenye mchanga mafupi. Kwa hiyo nusu kipenyo cha duara kitakuwa tofauti kila sehemu ya shamba. Naweza bado kutumia ile hesabu ya mita 93, au nipime upya kila wiki?

---

#30 Mzee_wa_Logi

Ile ya 93 ilidhani duara moja kwa wote. Ukiwa na maduara tofauti, angalia sehemu mbovu kuliko zote, maana ndiko mpweke wa kwanza atakakotokea, wala usiangalie wastani wa shamba zima. Ila jinsi kilele cha mahindi kinavyokata redio yako, hiyo sarafu sijui inarushwaje. Weka kihesabu kwenye kibanda kinachoandika kila kihisi kimesikia wangapi leo. Kikishuka hadi mmoja, nenda na nguzo kabla hakijawa sifuri.

---

#31 Chapati_Mbili

Fundi, na uhakikishe kihesabu hakihesabu kila jozi mara mbili.